Mtu alibisha hodi: jinsia ambayo shahidi hakuitaja

“Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfasiri, nina miaka miwili kazini, niko Mwanza. Nimeletewa maelezo ya mama mmoja aliyevamiwa nyumbani kwake. Nayafasiri kwa Kiingereza, kisha wenzangu wawili watatoa Kifaransa na Kijerumani kutoka kwenye Kiingereza changu, maana mawakili na ndugu zake wako nchi tofauti. Shida ni kwamba mvamizi ni mtu, yeye, alifanya hivi, alifanya vile, mwanzo hadi mwisho, na sijui ni mwanamume au mwanamke. Niliandika ‘he’ kote kama tulivyofundishwa, na juzi nikampelekea wakili. Sasa mwenzangu mmoja anasema ningeweka ‘they’. Nani yuko sahihi? Na hao wa Kifaransa na Kijerumani wafanyeje?”

Marahaba. Nakala iliyokwishakwenda inarekebishika, nitaifikia. Kwanza nikwambie kwamba “he” yako imemwongezea yule mama neno ambalo hakulisema, na “they” ya mwenzako ingempokonya neno alilolisema. Makosa hayo mawili hayafanani, na ukielewa yanavyotofautiana utajua la kufanya hata kwenye matini ambayo mimi sijaiona.

Maelezo ya mteja wako ni siri yake, kwa hiyo nimetunga kifungu kinachokaribiana nayo:

“Saa mbili usiku mtu alibisha hodi. Nilidhani ni jirani yangu. Nilipofungua alinisukuma, akaingia. Alikuwa amefunika uso. Aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikasema sijui. Mwenzake alikuwa nje. Alimwita, naye akaja na panga. Jirani alisikia, akapiga kelele, wakakimbia.”

Litafute humo neno yeye. Halimo, ila limejibanza ndani ya naye. Wengi wanaoanza kazi hii huogopa yeye, wakaikagua kila inapotokea, kisha wakaona wamemaliza. Lakini yeye kwetu ni neno la kusisitiza au kutofautisha: yeye aliondoka, mimi nikabaki. Kazi ya kila siku hufanywa na viambishi. Katika kifungu hiki kifupi a- ya nafsi ya tatu imetumika mara 11, kuanzia alibisha hadi akapiga. Ongeza -m- iliyo ndani ya alimwita, -ake ya mwenzake, na hiyo naye, unapata mahali 14 ambapo mtu ametajwa na jinsia yake haikutajwa. Hapo sijamhesabu mume, maana yeye anajulikana.

Kiswahili hakitaji jinsia katika viambishi hivyo, lakini kinataja kitu kingine kwa ukali sana, nacho ni idadi. Ukiacha wingi wa heshima ambao baadhi yetu huwapa wazee, a- ni mmoja na wa- ni zaidi ya mmoja, na hakuna mzungumzaji atakayevichanganya. Yule mama anaposema alibisha, ametoa ushahidi kwamba aliyebisha ni mmoja. Anaposema wakakimbia, ametoa ushahidi kwamba waliokimbia ni zaidi ya mmoja. Huo ni ushahidi kamili, umo ndani ya herufi moja au mbili, na mfasiri amekabidhiwa aufikishe.

Sasa tuitazame “he”. Kanuni uliyofundishwa ina historia. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufupisha lugha ya sheria zake, ambamo ilielezwa kwamba maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawahusu wanawake pia. Vitabu vya sarufi vya shuleni vikafundisha vivyo hivyo kwa vizazi, na ndivyo ilivyofika darasani kwako. Lakini kanuni hiyo ilihusu mtu yeyote asiye mahususi: mpangaji asipolipa kodi, mwombaji akichelewa kuleta fomu. Haikutungwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyesimama mlangoni usiku mmoja. Msomaji wa Kiingereza akikuta “he pushed me” ndani ya maelezo ya shahidi, hawazi kanuni ya 1850. Anaona mwanamume. Na ataandika kwenye faili lake kwamba shahidi amesema mvamizi alikuwa mwanamume.

Niliwahi kuona madhara yake. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa nikague faili la mtu aliyekuwa akiomba hifadhi Ulaya. Maelezo yake ya kwanza, ya Kiswahili, yalisema mtu alikuja. Mfasiri wa Kifaransa aliandika “une personne”, na kwa kuwa neno hilo kisarufi ni la kike, sentensi zilizofuata akaanza na “elle”. Hakuvunja sarufi hata kidogo. Kisha mtu mwingine akakitoa Kifaransa hicho kwenda Kiingereza, akaiona “elle”, akaandika “she”. Katika mahojiano mwombaji alisema kwa mdomo wake yule mwanaume, na akaulizwa kwa nini mwanzoni alisema ni mwanamke. Hakuwahi kusema. Mwanamke yule alizaliwa na sarufi, njiani kati ya lugha mbili, na aliyetakiwa kumwelezea ni mtu ambaye hata Kifaransa hakijui. Tangu siku hiyo sipokei kazi ya ushahidi inayofasiriwa kupitia lugha ya tatu bila kuiona matini ya Kiswahili.

Mwenzako wa “they” yuko karibu zaidi na ukweli. Waingereza wamelitumia neno hilo kwa mtu mmoja tangu karne ya 14, na mwongozo wa uandishi wa APA, shirika la wanasaikolojia wa Marekani, toleo la 7 la mwaka 2019, unalikubali waziwazi. Ingekuwa barua ya mwalimu kuhusu mwanafunzi mmoja, au taarifa ya mgonjwa, ningekwambia ulitumie bila wasiwasi. Lakini jaribu kulipitisha kwenye kifungu chetu: “They pushed me and came in. Their face was covered. Their companion was outside. They called them and they came with a machete. The neighbour heard and shouted, and they ran away.” Soma kama ofisa ambaye hajui neno la Kiswahili. Walioingia ndani ni wangapi? Nani alimwita nani? Panga lilikuwa mkononi mwa nani? Waliokimbia ni wale wale walioingia? Yule mama alikuwa ameyajibu maswali yote hayo kwa a-, -m-, naye na wa-. Tafsiri imeyafuta majibu yake. Kwenye kesi ya uvamizi, kama aliyevunja mlango alikuwa mmoja au watatu si jambo la pembeni.

Kuna wanaokimbilia “he/she”. Kwenye fomu ya benki inafaa. Kwenye ushahidi inamfanya msemaji aonekane anasitasita, kana kwamba kila sentensi anajiuliza tena alikuwa nani, na msemaji wetu hakusita hata mara moja. Kwa lugha yake hapakuwa na cha kusitia.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua neno lolote, panga watu. Chukua karatasi, andika kila mtu anayetajwa kwenye maelezo, kisha jiulize jinsia yake imo wapi. Utakuta mafungu matatu. Fungu la kwanza ni wale ambao matini yenyewe imewataja: mume wangu, shangazi, msemaji mwenyewe. Hao wafasiri kama walivyo. Fungu la pili ni wale ambao wewe huwajui lakini msemaji anawajua, kama jirani. Yule mama anajua fika jirani yake ni mwanamume au mwanamke, ila Kiswahili hakikumdai aseme. Fungu la tatu ni wale ambao pengine hata msemaji hakuwajua, kama mtu aliyefunika uso. Kutokujua kwako kuhusu jirani ni tatizo la mawasiliano, na linatatuliwa kwa kuuliza. Kutokutajwa kwa jinsia ya mvamizi ni sehemu ya ushahidi, na mfasiri hana ruhusa ya kuitatua.

Katika fungu la kwanza utapata dalili za lugha ambazo mara nyingi zinatosha. Aliolewa humhusu mwanamke, alioa humhusu mwanamume. Mtu akimwita mwingine wifi yangu, kwa kawaida wote wawili ni wanawake. Majina husaidia, lakini Neema, Baraka, Amani na Zawadi yanaweza kukudanganya. Na hata kuoa kuna mpaka wake, hasa huko uliko: jirani zenu Wakurya wa Mara wana nyumba ntobhu, ambamo mwanamke humuoa mwanamke mwenzake, na msimulizi atasema bibi huyo alioa bila kuona ajabu yoyote. Ukisoma maelezo kutoka Tarime, soma kurasa zote kabla ya kumfanya mwoaji kuwa mwanamume. Dalili za mazoea ziache kabisa. Dereva, askari, muuguzi, mpishi, mtu mwenye panga: kichwani mwako kila mmoja ana sura, na sura hiyo umeichora wewe.

Tuje kwenye Kiingereza chenyewe. Hiki kina bahati moja, nayo ni kwamba jinsia kinaidai karibu kwenye viwakilishi tu. Nomino zake nyingi za watu ni kama zetu: “neighbour”, “doctor”, “teacher”, “cousin” hazisemi lolote. Kwa hiyo dawa ni kurudisha nomino pale ambapo kiwakilishi kingekulazimisha, na kuunganisha vitenzi ili kiwakilishi kisihitajike. Hivi ndivyo ningekifasiri kifungu chetu:

“At eight in the evening someone knocked at the door. I thought it was my neighbour. When I opened, the person pushed me and came in, face covered, and asked me where my husband was. I said I did not know. A companion was outside. The first person called out to the second, who came with a machete. The neighbour heard and shouted, and they ran away.”

Hesabu “he” na “she” humo. Hamna. Idadi ya watu imebaki kama ilivyokuwa, na “they” imetokea mara moja tu, mahali ambapo Kiswahili kilisema wa-. Utaona nimetumia “the first person” na “the second”. Ni ukavu kidogo, nakubali, na kwenye hadithi fupi nisingefanya hivyo. Kwenye ushahidi ukavu unavumilika kuliko uongo. (Na saa mbili usiku ni saa nane yao ya usiku. Nimeona nakala zilizoandika “two” na zikamharibia mtu ratiba nzima ya tukio.)

Jaribio la kujua kama tafsiri imesimama ni rahisi. Mpe mwenzako asiyejua Kiswahili, mwambie achore watu waliomo na kila mmoja alifanya nini. Akichora wawili wavamizi, wa kwanza akiingia na wa pili akija na panga, imesimama. Akikuuliza walikuwa wanaume, mjibu kwamba maelezo hayasemi, na uangalie kama tafsiri yako ndiyo iliyomfanya adhani hivyo.

Kifaransa kinadai mengi zaidi, ila si pale unapodhani. Watu husema Kifaransa na Kijerumani zina jinsia, basi, kana kwamba zinafanana. Chukua sentensi hii: Nilimwambia achukue simu yake. Kiingereza kitakuuliza mara mbili, “him” au “her”, kisha “his” au “her”. Kifaransa kwenye -m- hakiulizi kitu, “je lui ai dit”, maana “lui” hapo ni ya wote. Wala kwenye -ake hakiulizi, “son téléphone”, kwa sababu “son” na “sa” hufuata jinsia ya kinachomilikiwa na si ya mwenye mali. Kinakaribia Kiswahili chetu ambamo yake na chake hufuata simu na kitabu. Kijerumani kitakuuliza pote pawili, “ihm” au “ihr”, kisha “sein” au “ihr”. Ndiyo maana kutoa Kifaransa kwenye Kiingereza ni hasara: mfasiri wa Kifaransa analetewa uamuzi ambao lugha yake haikuuhitaji, na pale anapohitaji kweli, Kiingereza hakimpi chochote.

Pale anapohitaji ni kwenye nomino, vivumishi na vitenzi. “Neighbour” ya Kiingereza haisemi kitu, lakini Kifaransa kinataka “voisin” au “voisine”, na mfasiri asiye na taarifa ataandika ya kiume bila kugundua kwamba amechagua. Mpaka mtakapouliza, aandike “quelqu’un du voisinage”. Kisha kuna jambo linalowapita wengi: Kifaransa kinadai pia jinsia ya anayesema. Alinisukuma, kama aliyesukumwa ni mwanamke, ni “m’a poussée”, kwa e ya ziada. Aliniuliza ni “m’a demandé”, bila nyongeza, kwa kuwa hapo “me” si yambwa tendwa. Hati ya kurasa nne yenye “poussé” huku na “poussée” kule inaonekana imetoka kwa watu wawili.

Mvamizi sasa. “Quelqu’un” huvuta “il”. “Une personne” huvuta “elle”. Hakuna neno la Kifaransa lisilovuta upande wowote. “Iel” liliingia kwenye kamusi ya mtandaoni ya Le Robert mwaka 2021, lakini hutumika hasa kwa watu wasiojitambulisha kuwa mwanamume wala mwanamke. Ukimpa mvamizi asiyejulikana umesema jambo jingine kabisa. Ushauri wangu ni “la personne”, ikirudiwa kama nomino, bila kuiachia “elle” ianze sentensi:

“À huit heures du soir, quelqu’un a frappé à la porte. J’ai cru que c’était quelqu’un du voisinage. Quand j’ai ouvert, la personne m’a poussée et est entrée, le visage couvert, puis m’a demandé où était mon mari. J’ai dit que je ne savais pas. Une deuxième personne, qui l’accompagnait, était dehors. La première a appelé la deuxième, qui est venue avec une machette.”

“Entrée” na “venue” zimebeba alama ya kike kwa sababu ya neno “personne”, na hilo msomaji Mfaransa amelizoea. “Elle” ndiyo inayomchorea mwanamke. Ona pia nilivyoshughulika na mwenzake. “Compagnon” ni wa kiume, “compagne” ni wa kike, na kishawishi ni kukimbilia “complice” ambalo halibadiliki. Usilikubali. Complice ni mshirika katika uhalifu, na yule mama alisema mwenzake tu. Umekwepa jinsia ukaingiza hukumu, na kwa wakili hilo ni baya zaidi.

Kijerumani kinafanana na Kifaransa kwenye nomino, “Nachbar” na “Nachbarin”, lakini vivumishi vya baada ya kitenzi na vitenzi vyenyewe havibadiliki kwa jinsia, kwa hiyo msemaji hahitaji kuwekewa alama kama ile ya poussée. Sehemu za mwili kwa kawaida huchukua kibainishi badala ya kimilikishi, na hilo linaokoa sana: amefunika uso inakuwa “das Gesicht war verdeckt”, hakuna “sein” wala “ihr”. Mwanzo wa kifungu ungekuwa hivi:

“Um acht Uhr abends klopfte jemand an die Tür. Ich dachte, es sei jemand aus der Nachbarschaft. Als ich öffnete, stieß mich die Person und kam herein. Das Gesicht war verdeckt. Die Person fragte mich, wo mein Mann sei.”

Hatari ya Kijerumani iko kwenye “sie”. Neno hilo ni yeye wa kike na pia ni wao, na kinachotofautisha ni mwisho wa kitenzi: “sie kam” ni mmoja, “sie kamen” ni wengi. “Die Person” ikishaachia “sie”, msomaji ana njia mbili za kupotea, jinsia na idadi. Mwambie mwenzako arudie “die Person”, “die erste”, “die zweite”, na “sie” aiweke akiba kwa wakakimbia. Nyota ile inayowekwa katikati ya nomino kuunganisha wanaume na wanawake asiiweke. Jimbo la Bavaria la Ujerumani limeipiga marufuku shuleni na maofisini tangu 2024, na hata inaporuhusiwa, kazi yake ni kutaja makundi. Hapa tuna mtu mmoja mlangoni.

Baada ya haya yote bado msomaji anaweza kujiuliza kwa nini “person” inarudiwa hivyo. Mwambie, mara moja tu, kwenye tanbihi ya mfasiri mtu wa kwanza anapotajwa. Kwa Kiingereza: “The Swahili original does not indicate whether these persons are men or women.” Kwa Kifaransa: “L’original swahili n’indique pas si ces personnes sont des hommes ou des femmes.” Kwa Kijerumani: “Aus dem Swahili-Original geht nicht hervor, ob es sich um Männer oder Frauen handelt.” Maneno haya yapime vizuri. Yanasema matini haionyeshi. Hayasemi shahidi hajui. Ukiandika kwamba shahidi hakujua jinsia ya mvamizi, na kesho akaulizwa akajibu ni mwanamume, sauti yake niliitambua, wewe ndiye uliyemfanya ajipinge.

Wenzako wafanye kazi kutoka Kiswahili. Kama hawakijui, basi wasipokee Kiingereza peke yake. Wape na ile karatasi ya watu: msemaji: mwanamke, imo kwenye matini; mume: mwanamume; jirani: haijatajwa, tunauliza; mvamizi wa kwanza: mmoja, haijatajwa; wa pili: mmoja, haijatajwa. Nusu ukurasa inatosha.

Kuhusu kuuliza, hapa ndipo unapohitaji mtu ana kwa ana na si mimi. Usimpigie simu yule mama mwenyewe. Mwandikie wakili, umweleze kwamba neno jirani halionyeshi jinsia na lugha mbili kati ya tatu zinaihitaji, naye amuulize mteja wake. Swali hilo halina hatari. Kwa mvamizi, mwachie wakili aamue kama anataka kuuliza, na akiuliza, swali liwe wazi: naomba unieleze zaidi kuhusu mtu huyo. Mtu aliyeogopa akiulizwa alikuwa mwanamume, sivyo, mara nyingi ataitikia ndiyo. Jibu lolote litakalopatikana lisiingizwe kimyakimya kwenye tafsiri. Liandikwe kwa Kiswahili kama maelezo ya nyongeza, lipewe tarehe, asaini, kisha ulifasiri kama hati ya pili. Hati ya kwanza ibaki ikisema kile ilichosema siku ile. Na kama nakala ya Kijerumani itakwenda kwenye mamlaka ya huko, muulize wakili kama wanataka mfasiri aliyeapishwa mahakamani, maana muhuri wako wa Mwanza huenda usipokelewe.

Ile nakala yenye “he” usiibadilishe kwa kutuma faili jipya lenye jina lile lile. Mwandikie wakili leo. Sema kwamba katika tafsiri uliyotuma tarehe fulani umetumia kiwakilishi cha kiume kwa watu ambao matini ya Kiswahili haikutaja jinsia yao, orodhesha kurasa na mistari, ambatisha tafsiri mpya yenye tarehe mpya, na umwombe ile ya kwanza isitumike. Muulize pia kama ameshaipeleka kwa mtu mwingine. Akikwambia ndiyo, barua yako ya marekebisho inapaswa kufika huko huko, kabla mtu hajamwita yule mama kwenye mahojiano.